Ofa ya dola 2,000 au ya hela ya nyumbani 150,000: nisaidieni kupiga hesabu kabla sijasaini

Njia_Panda:
Wakuu salamu. Nina ofa mbili mezani na natakiwa kujibu zote ndani ya siku kumi. Ya kwanza ni kampuni ya nje, nafanya kazi nikiwa nyumbani kwangu, sihami, wanalipa dola 2,000 kwa mwezi kwa mkataba wa mwaka mmoja. Ya pili ni kampuni ya hapahapa, ajira ya kudumu, 150,000 kwa mwezi kwa hela yetu. Namba nimezigeuza kidogo ili ziwe rahisi kuhesabu na nisijulikane, so chukulieni dola moja ni 100 za kwetu. Yani ya nje ni 200,000 na ya hapa ni 150,000, tofauti ni elfu hamsini kila mwezi, sio hela ya kuachia. Ila nina mkopo na kodi ya nyumba na wadogo zangu nawasomesha, vyote nalipa kwa hela ya hapa, sasa naogopa dola ikishuka itakuwaje. Nahitaji kama 105,000 kwa mwezi ili mambo yasisimame. Mngekuwa nyie mngechukua ipi?

Mti_Mkavu:
Chukua dola ndugu yangu usijiulize mara mbili. Hela zetu hizi kila mwaka zinashuka, dola inapanda tu. Mi tangu nianze kufuatilia sijawahi ona dola inarudi chini ikakaa. Hiyo 200,000 mwakani itakuwa 220,000 bila hata kuomba nyongeza.

Bi_Daftari:
@Mti_Mkavu hapo uko sahihi nusu. Kwa miaka mingi mfululizo ni kweli hela nyingi za nchi zetu zimekuwa zikipoteza dhidi ya dola. Lakini mtu hali mshahara kwa miaka kumi kwa mkupuo, anakula wa mwezi huu. Angalia shilingi ya Kenya: Januari 2024 dola ilifika kwenye 160, miezi michache baadae ilikuwa kwenye 130 na ikakaa maeneo hayo. Mtu aliyesaini mkataba wa dola Januari ile akiwa na mkopo wa shilingi, mshahara wake ulipungua karibu moja ya tano na hakuna aliyemkata hata senti, dola zake zilikuwa zilezile kwenye karatasi.

@Njia_Panda kaka usisaini chochote kwanza, hiyo tofauti ya elfu hamsini haipo. Mi kazi yangu ni kuandaa mishahara, nimeshaona watu wengi wanazidisha dola mara reti ya kwenye simu wanafurahi. Nijibu haya: benki yako inanunua dola kwa bei gani, sio inauza, INANUNUA. Mkataba wa nje una likizo ya kulipwa? Bima ya afya? Ya hapa inakuwekea pensheni asilimia ngapi juu ya mshahara?

Njia_Panda:
Asante dada. Nimepiga benki wameniambia wananunua kwa 98. Mkataba wa nje hauna likizo ya kulipwa, siku nisipofanya kazi sitozi. Bima sina, nimeuliza ya kujilipia mwenyewe ni kama 9,000 kwa mwezi. Intaneti nzuri na betri ya kuhimili umeme ukikatika nakadiria 5,000 kwa mwezi. Ya hapa wanatoa bima ya familia, na pensheni wanaweka asilimia 10 ya kwao juu ya mshahara, na likizo siku 22 za kazi.

Bandari_Salama:
Mkuu pole na safari, mi nilihama mwaka wa nne huu. Kitu cha kwanza angalia kodi ya nyumba huko unakoenda, hiyo ndio itakayokumaliza. Mi niliambiwa maisha huku ni ghali mara mbili na nusu kuliko nyumbani nikagawanya mshahara wote kwa mbili na nusu nikaona bora nibaki, kidogo niache dili. Kumbe nilikosea, maana ile namba ya ughali inahusu hela unayoila hukohuko tu. Mi napata 4,000, 3,000 naishi nayo hapa, hiyo ni kweli inanunua vitu ambavyo nyumbani ningevinunua kwa 1,200. Lakini ile 1,000 ninayotuma nyumbani haigawanywi na chochote, inafika ikiwa 1,000, makato ya kutuma ukiyatoa. Sasa nilikuwa nimeigawanya na yenyewe.

Njia_Panda:
@Bandari_Salama mkuu mi sihami, nabaki nyumbani, kazi ni ya mtandaoni. Ila hiyo hesabu yako nimeihifadhi kuna rafiki yangu itamfaa.

Bandari_Salama:
Ooh sorry nilisoma haraka nikajua unaondoka. Basi wewe una afadhali, unaingiza kwa bei ya kule unatumia kwa bei ya hapa.

Bi_Daftari:
Afadhali ndio tunayoitafuta kama ipo. Twende taratibu, nahesabu kwa mwaka kwasababu likizo ndio inaonekana kwa mwaka.

Dola 2,000 haitafika 2,000. Hela ikitoka nje inapita benki ya katikati, na hiyo inajikatia chake njiani. Chukulia dola 25 kila mara, zinabaki 1,975. Zidisha kwa 98 sio kwa 100, unapata 193,550. Na hiyo unaipata miezi 11 sio 12, kama kweli utapumzika zile siku 22 ambazo kampuni ya hapa ingekulipa ukiwa umelala. Inakuwa 2,129,050 kwa mwaka. Toa bima 108,000, toa intaneti na betri 60,000. Umebaki na 1,961,050.

Ya hapa: 150,000 mara 12 ni 1,800,000, ongeza pensheni wanayokuwekea 180,000. Ni 1,980,000, na bima iko ndani.

Kwahiyo leo hii kwa reti ya leo ofa ya ndani inaizidi ya nje kwa karibu 19,000 kwa mwaka. Na hapo hujaugua, hujakosa siku, dola haijashuka. Kodi ya mapato nimeiacha nje makusudi, ya hapa unakatwa na mwajiri, ya nje utajitangaza na kulipa mwenyewe na viwango vinaweza kuwa tofauti, kwahiyo uweke mstari wake pande zote mbili kabla ya kuamua. Usije ukailinganisha ya hapa baada ya kodi na ya nje kabla ya kodi, hilo kosa nimeliona sana.

Njia_Panda:
Dah. Nimesoma mara tatu. Mi nilikuwa nishaanza kupangia ile elfu hamsini.

Mti_Mkavu:
Sawa dada lakini hapo umehesabu kwa 100. Ikipanda ikawa 120 je? Hesabu yote inageuka.

Bi_Daftari:
Inageuka kweli. Badala ya kubishana itapanda au itashuka, tunatafuta bei gani ya dola inafanya ofa mbili ziwe sawa. Ya hapa ni 1,980,000, ongeza gharama zake za kujilipia 168,000, inakuwa 2,148,000. Dola anazopokea kwa mwaka ni 1,975 mara 11, yani 21,725. Gawanya, unapata 98.87, hiyo ni bei ya benki kununua. Kwenye simu itasomeka kama 101. Hapo ndio mstari. Juu ya 101 ya nje inashinda, chini ya 101 inashindwa, na leo iko 100 yani yuko karibu kabisa na mstari, chini yake kidogo tu.

Sasa ipeleke 120. Ya nje inakuwa kama 2,387,000, inaizidi ya hapa kwa karibu 407,000. Ipeleke 85. Inakuwa kama 1,642,000, inapungukiwa karibu 338,000. Hapo kila mtu ataangalia ile ya kumpendeza.

Ila @Mti_Mkavu hiyo 120 haiji peke yake. Dola ikipanda hivyo, mafuta yanapanda, dawa zinapanda, vitu vya kuagiza vyote, na baada ya mwaka mmoja au miwili na vya hapahapa vinafuata. Mwajiri wa ndani naye huwa analazimika kuongeza mshahara kidogo maana watu wanaondoka. Chukulia ameongeza asilimia 8. Ile faida ya 407,000 inashuka mpaka kama 248,000, na bima unayojilipia hiyo ya 9,000 nayo itakuwa haijabaki 9,000. Mwajiri wa nje yeye haoni mfumuko wa bei wa kwenu, 2,000 kwake ni 2,000. Faida ya dola kupanda ni kubwa miezi ya mwanzo, kisha bei za dukani zinakuja kuila polepole.

Mti_Mkavu:
Hapo nimekuelewa. Lakini bado mi ningechukua dola, kwa nchi ambayo hela yake inaporomoka ghafla huwezi kulinganisha. Misri Machi 2024 dola ilitoka kama 31 ikaenda karibu 50 kwa siku moja. Mwenye mshahara wa hela ya ndani pale alilala nao asubuhi ukawa mwingine.

Bi_Daftari:
Na hiyo ni kweli, siipingi. Kwa nchi ambayo reti imeshikiliwa kwa nguvu na kila mtu anajua haiwezi kukaa, kulipwa dola ni kinga ya hali ya juu. Ndio maana nasema kila mtu aangalie hela yake inaendaje. Na pia hizo za nje zisichukuliwe kama jiwe, pauni ya Uingereza ilipoteza karibu asilimia 8 dhidi ya dola ndani ya siku moja tarehe 24 Juni 2016 baada ya ile kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya.

Zamu_ya_Usiku:
Naomba kuongeza kitu mnaongelea reti sana. Mi nilikuwa na mkataba kama huo, dola 1,500. Mwezi wa kwanza nimekaa nasubiri nikaona meseji ya benki imeingia 1,463. Nikapiga benki wakasema sisi hatujakata. Nikawaandikia wa nje wakasema sisi tumetuma 1,500 kamili na wakanitumia karatasi ya muamala. Nimezungushwa wiki mbili nzima mpaka dada mmoja wa kaunta akaniambia lete hiyo karatasi, akaweka kidole kwenye mstari umeandikwa `71A` na mbele yake `SHA`, akasema hapa mmekubaliana kugawana makato, waambie waandike `OUR` watalipa wao yote. Nikawaandikia mstari mmoja tu, mwezi uliofuata imeingia 1,500. Hakuna aliyegoma, ni kwamba hakuna aliyewahi kuwaambia.

Kingine, mkataba wangu ulikuwa na notisi ya siku 14. Mwezi wa saba wamenitumia barua pepe Ijumaa jioni kwamba mradi umefungwa. Mimi nilikuwa nafuatilia bei ya dola kila asubuhi kumbe hatari ilikuwa kwingine kabisa. Nimekaa miezi minne bila kitu.

Bi_Daftari:
@Zamu_ya_Usiku pole sana kaka, na hiyo ndio hoja nilikuwa naisogelea. @Njia_Panda wewe ulisema unahitaji 105,000 ili mambo yasisimame. Nimekuhesabia dola ishuke mpaka wapi ndio ushindwe kuzifikia: ni kama 67 kwenye simu. Ishuke theluthi nzima. Inaweza kutokea lakini haitokei kila siku. Kwahiyo reti inaweza kukupunguzia starehe na akiba, ila kukuzamisha sio rahisi. Barua pepe ya Ijumaa inaweza, maana inakata mia kwa mia. Mkataba wako notisi ni siku ngapi?

Njia_Panda:
Siku 30 pande zote. Na sasa mmenifanya nisome mkataba vizuri nimekuta kitu. Kuna kifungu kinasema malipo yatafanywa na wakala wao aliyepo nchini "kwa hela ya ndani inayolingana na dola 2,000 kwa reti rasmi ya siku ya invoisi", na invoisi inalipwa ndani ya siku 45. Yani dola zenyewe sizioni?

Bi_Daftari:
Kifungu hicho ni muhimu kuliko yote tuliyoandika hapo juu. Hiyo sio ofa ya dola kaka, ni ofa ya hela ya nyumbani inayotembea na bei ya dola, na inatembea ikiwa imechelewa.

Kuna upande mzuri na niuseme. Kama wakala anakupa reti rasmi kamili na hakati kitu, yale makato ya benki na ile 98 vinaondoka. Kwa 100 ya leo, miezi 11 ni 2,200,000, toa 168,000 inabaki 2,032,000. Sasa ya nje inaizidi ya hapa kwa 52,000 kwa mwaka. Sio nyingi ila imevuka.

Upande mbaya: unaandika invoisi tarehe 30, reti inafungwa siku hiyo, hela inaingia siku 45 baadae. Hela ya ndani ikiporomoka katikati, wewe umebaki na reti ya zamani na bei mpya za dukani. Ile kinga aliyokuwa anaisema Mti_Mkavu unakuwa huna siku ile hasa unayoihitaji. Pia kwa nchi zenye reti mbili, ya rasmi na ya mtaani, neno "rasmi" linaweza kukutoa jasho. Nigeria kabla ya Juni 2023 reti rasmi ilikuwa chini ya naira 500 wakati mtaani imeshavuka 700. Mtu aliyelipwa kwa ile ya rasmi alikuwa anaacha sehemu kubwa ya mshahara mezani kila mwezi kihalali kabisa.

Na kitu cha mwisho kwenye hicho kifungu, ukianza kazi tarehe moja, invoisi ya kwanza ni siku ya 30, malipo siku ya 75. Miezi miwili na nusu unalipa kodi ya nyumba na mkopo kwa hela ya wapi?

Njia_Panda:
Akiba yangu inafika miezi miwili tu. Aisee.

Kitabu_Wazi:
Mi naona mngemwambia tu aombe waongeze mshahara wawe 2,300 hiyo mizunguko yote iishe.

Zamu_ya_Usiku:
Aombe ndio lakini ukiomba hela tu wanaweza kukupa 2,100 na kifungu kikabaki vilevile. Mi ningeomba vitu vya karatasi kwanza maana kwao havina gharama kubwa. Reti iwe ya siku ya malipo. Siku 45 ziwe 15. Notisi iwe siku 60 kwa upande wao. Siku 15 za likizo za kulipwa.

Bi_Daftari:
Nakubaliana, na ongeza moja, uwe na haki ya kuchagua kulipwa dola kwenye akaunti yako ya dola ukitaka. Faida ya dola yenyewe ni kwamba unabadilisha ile 105,000 ya lazima tu, nyingine unaiacha inasubiri. Mwezi ambao dola iko chini hulazimiki kuuza zote. Aliyelipwa hela ya ndani tayari ameshauziwa zote na wakala, kwa siku aliyochagua wakala.

Likizo nayo usiidharau. Siku 15 kati ya zile 22 zikilipwa ni kama dola 1,360 kwa mwaka. Hiyo ni zaidi ya kuongezewa 100 kila mwezi, na wengi wao wanaikubali kirahisi zaidi.

Mama_Pacha:
Samahani naingilia. Mbona hakuna anayeongelea pensheni vizuri, mnaihesabu kama hela ya mkononi. Mimi 180,000 ya pensheni siioni mpaka nizeeke, leo siwezi kulipia ada. Kwa mtu mwenye mzigo kama wa kaka hapa si bora aitoe kwenye hesabu?

Bi_Daftari:
Dada hapo sina jibu moja. Ukiitoa, ya hapa inabaki 1,800,000 na ya nje inashinda wazi, hata mstari wa kulingana unashuka mpaka kama 92 kwa njia ya benki. Ukiiweka, zinalingana. Mimi naiweka kwasababu nimeona watu wa mikataba ambao walisema watajiwekea wenyewe na baada ya miaka sita hawana kitu. Lakini mtu mwenye nidhamu ya kweli, au ambaye haamini mfuko wake wa pensheni utalipa, ana haki ya kuihesabu nusu. Hilo mwenye ofa aliamue.

Mti_Mkavu:
Mi ningeihesabu nusu.

Mama_Pacha:
Mi sifuri kwa sasa, nikiwa nasomesha.

Njia_Panda:
Wakuu mrejesho. Niliwaandikia juzi, leo wamejibu. Reti ya siku ya malipo wamekubali. Siku 45 wameshusha mpaka 30, chini ya hapo wamesema mfumo wao hauruhusu. Likizo wamenipa siku 10 za kulipwa. Kulipwa dola moja kwa moja wamekataa mwaka huu, wamesema lazima kupitia wakala. Notisi imebaki 30. Mshahara sijaongelea bado.

Kampuni ya hapa nimewaomba siku tano zaidi wamenipa tatu.

Bi_Daftari:
Umefanya vizuri sana. Siku 10 ni kama dola 900 kwa mwaka, kwa reti rasmi ya leo ni 90,000 na kidogo. Kwahiyo ya nje sasa inaizidi ya hapa kwa kama 143,000 kwa mwaka pensheni ikiwa imehesabiwa kamili. Mstari wa kulingana umeshuka mpaka kama 94. Dola ishuke kama asilimia sita ndio zilingane.

Kinachonisumbua bado ni akiba. Tarehe moja mpaka hela ya kwanza sasa ni siku 60, na wewe unayo ya miezi miwili, yani inaisha siku ileile hela inaingia. Wakichelewa wiki moja umekopa. Waulize kama wanaweza kulipa invoisi ya kwanza baada ya wiki mbili badala ya mwezi, ya kwanza tu.

Zamu_ya_Usiku:
Na muulize huyo wakala ni nani na amelipa wangapi hapo nchini. Tafuta mmoja umpigie simu, muulize alilipwa lini mara ya mwisho na kwa reti gani.

Njia_Panda:
Nimempata mmoja kupitia rafiki, tunaongea kesho jioni. Nitarudi hapa nikiongea naye, ofa ya ndani inaisha Ijumaa.